Siku ya 14 tulitupa bidoni 47 na chati ikanyamaza. Je, kikomo cha sigma 3 ni kipana mno?

Mwana_Kampemba

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, kwenye kiwanda kidogo kinachopuliza bidoni za plastiki za lita 20. Kaye ya hesabu iko mikononi mwangu: kila jioni naandika bidoni zilizotoka na bidoni zilizokataliwa. Kila bidoni inajazwa hewa na kuzamishwa kwenye tangi la maji. Ikitoa mapovu inawekwa pembeni, na vilevile ikiwa imepinda au shingo yake haishiki kifuniko.

Kapita wetu hapendi karatasi nyingi. Akifika asubuhi anataka kujua jambo moja tu: jana ilikuwa siku kama siku nyingine, au kuna kitu cha kutafuta kwenye mashini? Faili niliyoikuta kwenye kompyuta ya biro inachukua bidoni mbovu za kila siku, inapiga wastani, inapiga mkengeuko sanifu kwa ECARTYPE, kisha inajumlisha wastani na mikengeuko mitatu, ndiyo hiyo sigma 3. Namba ikipita hapo, seli inakuwa nyekundu na kapita anaitwa.

Hizi ni siku 20 za mwisho. Namba ya kwanza ni bidoni zilizotoka, ya pili ni zilizokataliwa:

```
1-5:   900/22  860/19  410/12   920/25  880/20
6-10:  950/27  520/11  900/18   870/24  300/20
11-15: 910/23  940/21  890/26   900/47  480/10
16-20: 930/24  860/17  1180/36  900/21  900/23
```

Wastani ni 22.3 na mkengeuko ni karibu 8.3, kwa hiyo kikomo cha juu kinaangukia 47.2. Sasa tazameni siku ya 14. Tulikataa 47, mafundi wakafungua kalibu wakakuta plastiki iliyoganda kwenye uso wake, haifungi hadi mwisho, na mshono wa chini wa bidoni unavuja. Kiwanda kizima kilijua siku hiyo ni mbaya. Chati haikusema neno. Kikomo cha chini nacho kinatoka hasi, sijui nikifanyie nini.

Swali langu: sigma 3 ni pana mno kwa kiwanda kama chetu? Nishuke hadi 2?

Kalamu_ya_Ibanda

Ndugu, usiguse hiyo 3. Tatizo ni kwamba hiyo 47 yenyewe imo ndani ya hesabu ya ECARTYPE. Siku mbaya inapanua mkengeuko, mkengeuko unapanua kikomo, na siku mbaya inajificha chini ya kikomo ilichokipanua yenyewe. Itoe, piga upya. Mimi nimepiga: siku 19 zilizobaki zina wastani wa 21.0 na mkengeuko wa 6.1, kikomo cha juu kinakuwa 39.2. Sasa 47 iko nje kabisa. Kazi imeisha.

Mwana_Kampemba

Aksanti sana. Nimejaribu, kweli siku ya 14 inawaka. Niiache hivyo?

Mama_Kipimo

Usiiache hivyo, mwanangu. Ndugu Kalamu ameona kitu cha kweli: siku mbaya inapanua kikomo chake yenyewe. Lakini kutoa namba kwa sababu tu ni kubwa ni njia ya hatari, maana utatoa leo, kesho nyingine itaonekana kubwa, utaitoa nayo, na mwisho utabaki na chati inayopiga kelele kila wiki. Siku inatolewa kwenye hesabu ya kikomo kwa sharti moja: sababu yake imepatikana na imerekebishwa. Ya 14 mnaijua, ni kalibu. Sawa, hiyo itatoka. Lakini itoke baada ya kuonekana, na kwa kikomo kilichopigwa vizuri ingeonekana hata ikiwa imo ndani.

Jambo kubwa zaidi liko siku ya 10, na ninyi wawili mmelipita. Bidoni mbovu 20. Kwenye faili yenu hiyo ni siku nzuri, chini kidogo ya wastani. Lakini siku hiyo zilitoka bidoni 300 tu! Ishirini kati ya mia tatu ni asilimia 6.7. Ndiyo siku mbaya kuliko zote kwenye orodha, mbaya hata kuliko ya 14 yenye asilimia 5.2. Nayo siku ya 18 yenye mbovu 36, ambayo kapita angeitazama kwa wasiwasi, mlitoa bidoni 1180, kwa hiyo ni asilimia 3.1. Siku ya kawaida.

Faili yenu inahesabu mbovu bila kuuliza ni kati ya ngapi. Kama mngetoa idadi ileile kila siku, isingekuwa shida. Ninyi mnatoka 300 hadi 1180. Kwa hiyo sehemu kubwa ya huo mkengeuko wa 8.3 haihusu ubora, inahusu saa ngapi mashini ilifanya kazi. Siku za 3, 7 na 15 zina mbovu chache kwa sababu bidoni zilikuwa chache. Mmechanganya mambo mawili kwenye kamba moja, kisha mnaipima kamba hiyo.

Niambie kwanza: siku ya 10 kulikuwa na nini?

Mwana_Kampemba

Mama, ile siku umeme ulikatika mara mbili. Asubuhi tulianza, ukakatika, ukarudi saa sita, ukakatika tena. Jenereta yetu haiwezi kubeba mashini ya kupuliza, inawasha taa na biro tu.

Fundi_Kalibu

Hapo umejibu mwenyewe, kaka. Mimi nimefanya kazi kwenye mashini hizo miaka mingi. Umeme ukikatika plastiki inabaki ndani ya silinda ikiwa moto, inaungua taratibu, halafu inapoa. Ukiwasha tena, bomba la plastiki linaloshuka kwenye kalibu linatoka na madoa meusi, upande mmoja mnene upande mmoja mwembamba. Bidoni za kwanza ni za kutupa tu mpaka silinda ijisafishe na joto litulie. Ukianza mara tatu kwa siku, umetupa mara tatu. Hakuna muujiza.

Mama_Kipimo

Aksanti, Fundi, hilo ndilo nililotaka lisemwe na mtu wa mashini.

Sasa hesabu. Kila bidoni inapimwa na inapata jibu moja kati ya mawili, inapita au inakataliwa. Kwa hali hiyo hamhitaji ECARTYPE kabisa. Mtikisiko wa kawaida wa asilimia ya siku unajulikana kutokana na asilimia yenyewe na idadi ya bidoni zilizopimwa. Siku ya bidoni 300 inatikisika zaidi ya siku ya bidoni 900, kwa hiyo kila siku inapewa kikomo chake. Mstari wa kikomo kwenye chati hautanyooka, utakuwa na ngazi ngazi. Kapita asishtuke, ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Nadhani Excel yenu ni ya Kifaransa kama zetu nyingi za huku, kwa hiyo naandika hivyo. Safu ya B ni zilizotoka, C ni zilizokataliwa:

```
H1: =SOMME(C2:C21)/SOMME(B2:B21)
D2: =C2/B2
E2: =$H$1+3*RACINE($H$1*(1-$H$1)/B2)
F2: =MAX(0;$H$1-3*RACINE($H$1*(1-$H$1)/B2))
G2: =SI(OU(D2>E2;D2<F2);"MWITE KAPITA";"")
```

Angalia H1. Ni jumla ya mbovu kugawanya kwa jumla ya zilizotoka. Usichukue asilimia 20 za siku ukazipigia MOYENNE, maana hapo siku ya bidoni 300 inapata sauti sawa na siku ya bidoni 1180.

Kwenu jumla ni 446 kati ya 16400, yaani asilimia 2.72. Siku ya bidoni 900 kikomo cha juu ni asilimia 4.35, na siku ya 14 ilifika 5.22. Nje. Siku ya bidoni 300 kikomo ni asilimia 5.54, na siku ya 10 ilifika 6.67. Nje. Siku 18 zilizobaki zote ziko ndani. Ona kwamba siku zote mbili mbaya bado zimo ndani ya hesabu, na bado zimeonekana. Hiyo ndiyo tofauti na ECARTYPE: hapa mtikisiko haupimwi kwa kutazama namba zilizotawanyika kiasi gani, kwa hiyo siku mbaya inasogeza wastani kidogo tu, haiwezi kujipanulia nyumba.

Kuhusu kikomo cha chini kilichotoka hasi: ndiyo maana nimeweka MAX na sifuri. Siku ndogo hazitakuwa na kikomo cha chini, na hakuna tatizo.

Mwana_Kampemba

Mama, nimeingiza. Zimewaka mbili hizo hizo, ya 10 na ya 14. Nimemwonyesha kapita, ameuliza jambo moja: kwa nini tatu na si mbili?

Mama_Kipimo

Swali zuri, na ndilo ulilofungulia uzi. Mwite tu ajibiwe.

Kwa sigma 2, hata mashini ikiwa salama kabisa, karibu siku moja kati ya 22 itaangukia nje kwa bahati tu. Mkifanya kazi siku 26 kwa mwezi, kapita ataitwa bure kwa wastani mara moja hivi kila mwezi. Atafungua kalibu, hataona kitu, atarekebisha joto ambalo halikuwa na shida, na mara nyingi ndipo uharibifu unapoanza. Baada ya miezi michache hatakuja tena mkimwita. Kwa sigma 3, kuitwa bure kunatokea takriban mara moja kati ya siku 370, yaani zaidi ya mwaka mzima wa kazi. Namba hizo si kamilifu kwa hesabu za mbovu chache, lakini zinatosha kuonyesha tofauti.

Shewhart, aliyechora chati ya kwanza ya namna hii mwaka 1924 akiwa kwenye kazi ya vifaa vya simu vya Bell huko Marekani, aliichagua 3 kwa sababu hiyo ya gharama: kutafuta tatizo lisilokuwepo kuna gharama, na kuacha tatizo lililopo kuna gharama, na 3 ilifanya kazi vizuri kati ya hizo mbili.

Baraka_wa_Moro

Habari za huko Kongo, ndugu zangu. Mimi niko Morogoro. Kwenye bidoni za lita 20 sisi tulikuwa tunapima uzito, kila saa tunachukua bidoni tano, tunapiga wastani na tofauti ya kubwa na ndogo. Kwa nini hamfanyi hivyo? Hesabu ya mbovu inakuja ikiwa umechelewa.

Fundi_Kalibu

Ndugu Baraka, uzito ni muhimu na unasema kweli kwamba unaonyesha mapema. Lakini hiyo ni chati nyingine na kazi nyingine. Bidoni yenye uzito sahihi inaweza kuvuja mshono wa chini. Ya siku ya 14, ukiziweka kwenye mizani, nina hakika zingeonekana salama, maana plastiki ilikuwepo yote, kalibu tu haikuibana.

Baraka_wa_Moro

Nimekuelewa. Basi fanyeni zote mbili mkiweza.

Kalamu_ya_Ibanda

Mimi nimekubali hilo la kugawanya kwa zilizotoka. Lakini jambo moja la kiutendaji. Kila kiwanda kina lengo. Kwetu Bukavu bosi anasema mbovu zisipite asilimia 3. Si ni rahisi zaidi kuchora mstari kwenye 3 na kumwita kapita ukivukwa? Hakuna mizizi ya hesabu, kila mtu anaelewa.

Mama_Kipimo

Kila mtu anaelewa, ndugu yangu, lakini mashini haijui bosi anataka nini.

Chukua namba za Lubumbashi. Toa siku ya 10 na ya 14 ambazo sababu zake zinajulikana. Zinabaki mbovu 379 kati ya 15200, asilimia 2.49. Hicho ndicho kiwango cha mashini hiyo ikiwa haina ugonjwa. Siku ya bidoni 900, kikomo cha juu kwa sigma 3 kinakuwa asilimia 4.05 na cha chini 0.93. Maana yake mashini ileile, plastiki ileile, watu walewale, siku moja watatoa asilimia 2 na nyingine asilimia 3.5, na hakuna kilichobadilika. Mstari wa bosi wa asilimia 3 utavukwa karibu siku moja kati ya sita kwa mtikisiko huo tu. Kapita ataitwa kila wiki na hatapata cha kurekebisha.

Lengo la bosi si baya. Ila linajibu swali jingine: je, mashini hii kwa jinsi ilivyo inatosha? Likiwa halifikiwi wakati chati imetulia, dawa yake iko kwa bosi mwenyewe: kalibu mpya, plastiki bora, njia ya umeme. Haiko kwa kapita saa moja asubuhi. Nakushauri usichore mstari huo kwenye chati ya kapita kabisa, maana jicho litaufuata huo na kuacha vikomo.

Kalamu_ya_Ibanda

Hapo hatutaelewana kabisa, mama. Mteja akirudisha bidoni hatanisikiliza nikimwambia mashini imetulia. Mimi nitaendelea kuuweka, kwa rangi tofauti.

Sasheti_za_Goma

Samahani kuingilia. Mimi niko Goma, tunafunga maji kwenye sasheti, karibu 30,000 kwa siku. Nimechukua fomula za mama nikaziweka kwenye kaye yangu ya miezi miwili. Wastani wa mbovu ni asilimia 1. Sasa karibu nusu ya siku zangu zinasema MWITE! Siku ya asilimia 1.3 iko nje, siku ya 0.7 iko nje. Vikomo vimebana sana, kati ya 0.83 na 1.17. Nimekosea wapi?

Mama_Kipimo

Hujakosea kuandika, hesabu yako ni sahihi kwa fomula hiyo. Fomula ndiyo haikufai.

Inachukulia kwamba kila sasheti inaharibika kivyake, bila kuhusiana na jirani yake. Sasheti haziharibiki hivyo. Niambie kama sivyo: chuma cha kuunganishia kikipungua moto, zinavuja mia mbili mfululizo mpaka mtu aone. Roli ya plastiki ikiwa na kasoro, roli nzima inasumbua. Mbovu zinakuja kwa makundi. Ukiwa na bidoni 900 hilo halionekani sana, lakini ukiwa na 30,000 fomula inaamini inajua asilimia yako kwa usahihi mkubwa kupita ukweli, na inabana vikomo.

Kwako acha mtikisiko wa siku hadi siku uzungumze. Chukua asilimia ya kila siku kama namba moja. Piga tofauti kati ya kila siku na iliyotangulia, bila kujali ni juu au chini, kisha wastani wa tofauti hizo. Zidisha kwa 2.66, jumlisha na utoe kwenye wastani wa asilimia. Hizo ndizo sigma 3 zako. Kama tofauti zako za siku hadi siku zina wastani wa 0.2, vikomo vitakuwa 0.47 na 1.53.

Utauliza kwa nini si ECARTYPE. Kwa sababu ile ile ya mwanzo wa uzi. Tofauti ya jana na leo haipanuki sana kwa sababu ya siku moja mbaya au kwa sababu kiwango kilihama katikati ya mwezi. ECARTYPE inabeba yote hayo.

Sasheti_za_Goma

Ni kweli kabisa kuhusu chuma, ndivyo inavyokuwa. Wastani wa tofauti umetoka 0.24, kwa hiyo nina 0.36 hadi 1.64. Sasa hakuna hata siku moja nje. Hiyo nayo inanitia shaka, maana nakumbuka siku ya roli mbaya.

Mama_Kipimo

Ilikuwa asilimia ngapi?

Sasheti_za_Goma

1.6.

Mama_Kipimo

Iko mlangoni. Kwa hesabu ya siku nzima, roli moja inayeyuka kati ya roli nyingine. Chati ya siku haitakuonyesha roli. Andika mbovu kwa kila roli kwa wiki mbili kisha urudi tuangalie.

Fundi_Kalibu

Nina swali kuhusu siku ya 10, na hili mama naona umelipitisha haraka. Umeitoa kwenye hesabu ya kikomo kwa sababu sababu inajulikana, umeme. Lakini sharti lako lina sehemu mbili: imepatikana na imerekebishwa. Umeme haujarekebishwa. Wiki ijayo utakatika tena, na chati itawaka tena, na kapita ataitwa aambiwe kitu anachokijua tangu jana mchana.

Mama_Kipimo

Umenishika vizuri, Fundi. Siku ya 10 kwa sharti langu mwenyewe ina utata. Hoja yangu ya kuitoa ni kwamba, ikibaki ndani, inapandisha wastani wa siku ambazo umeme haukukatika, na hizo ndizo kapita anazozisimamia. Lakini ni kweli kwamba katika mji ambao umeme unakatika kila mara, kukatika ni sehemu ya kazi.

Mimi ningetenganisha hesabu. Bidoni za kuwashia upya ziandikwe safu yake: tangu mashini iwashwe hadi fundi aseme joto limetulia. Hizo zina asilimia yake na hazifai kulinganishwa na bidoni za mwendo. Chati ya kapita iwe ya bidoni za mwendo tu.

Fundi_Kalibu

Hapo ndipo ninapoogopa. Ukishampa mwendeshaji mashini safu ya "kuwasha upya", kila bidoni mbovu ya asubuhi itaingia huko. Nani atakayesema joto limetulia? Yuleyule anayetaka siku yake ionekane safi.

Mwana_Kampemba

Kapita anasema anapenda wazo la mama lakini anakubaliana na Fundi. Anapendekeza idadi ya kudumu: bidoni 15 za kwanza baada ya kila kuwasha ziandikwe kando, ziwe nzuri au mbovu, bila kumuuliza mtu.

Fundi_Kalibu

Hiyo nakubali. Kama 15 zinatosha kwa mashini yenu, mtajua mkiona ya 16 na kuendelea.

Mama_Kipimo

Nami nakubali, kwa sababu haimpi mtu nafasi ya kuchagua.

Sasa Mwana_Kampemba, kuna jambo nililoliona jana usiku nilipozichora namba zako kwa mkono, na nalisema kwa heshima. Siku zako 18 zilizo ndani zimetulia kupita kiasi. Kama mashini inatikisika kama fomula inavyosema, karibu theluthi moja ya siku zinatakiwa kuwa mbali na wastani kwa zaidi ya sigma 1. Kati ya siku 18 ningetarajia kama sita. Nimepata moja tu, ya 18, nayo kwa kidogo. Nyingine zote zinaukumbatia mstari wa kati.

Watu wengi wakiona chati kama hiyo wanafurahi. Mimi nauliza nani anahesabu. Ni nadra asilimia kutikisika kidogo kuliko bahati yenyewe inavyoitikisa, isipokuwa kitu kinazichuja namba kabla hazijafika kwenye kaye. Bidoni mbovu zenu zinakwenda wapi?

Mwana_Kampemba

Zinasagwa, mama. Mashini ya kusagia iko pembeni ya mashini ya kupuliza, plastiki iliyosagwa inachanganywa na mpya na kurudi juu. Mwendeshaji anahesabu jioni zilizorundikana kabla ya kusaga.

Fundi_Kalibu

Jioni! Kaka, mashini ya kusagia iko hatua tatu kutoka mkononi mwake. Rundo likianza kuonekana kubwa, nyingine zinasagwa mchana. Nimeiona sehemu zaidi ya moja. Si wizi, plastiki haipotei. Ni hofu ya maswali tu. Na siku ambayo mbovu ni nyingi mno, kama ya 14, haiwezekani kuficha, ndiyo maana ilitoka.

Mwana_Kampemba

Siwezi kumshuku mtu kwa sababu ya chati, nafanya naye kazi kila siku.

Mama_Kipimo

Usimshuku. Inaweza pia kuwa bahati, siku 18 si nyingi. Pima tu kitu kisichotegemea hesabu ya mtu. Plastiki iliyosagwa mnaipima kwa kilo kabla ya kuichanganya?

Mwana_Kampemba

Tunaipima, kwa ajili ya kipimo cha mchanganyiko. Iko kwenye kaye nyingine, ya stoo.

Mama_Kipimo

Basi jibu lako liko humo. Kila bidoni inajulikana uzito wake. Toa mabaki ya plastiki yanayokatwa juu na chini ya kila bidoni, ambayo nayo yanasagwa na uzito wake unafuata idadi ya zilizotoka. Kinachobaki kigawe kwa uzito wa bidoni moja, kisha linganisha na namba ya kaye. Zikikaribiana kwa siku zote, mashini yenu kweli imetulia na mimi nimewaza vibaya. Zikitofautiana siku fulani fulani tu, utaona ni zipi.

Na kama zinatofautiana, usiende kwa mwendeshaji. Nenda kwa kapita, mwambie abadilishe anachouliza asubuhi. Siku isipokuwa nje ya vikomo asiulize kitu kabisa kuhusu mbovu za jana. Rundo la 27 halina cha kujibiwa zaidi kuliko rundo la 18.

Kalamu_ya_Ibanda

Mama, hilo la mwisho halitawezekana kwenye kiwanda chochote ninachokijua. Bosi akiona 27 baada ya 18 lazima aulize.

Mwana_Kampemba

Nimeomba kaye ya stoo. Mwenye funguo anarudi Jumatatu. Nikipata kilo za siku hizo 20 nitaziweka hapa. Wakati huo huo tumeanza kuandika bidoni 15 za kuwashia kando tangu leo asubuhi, na fomula ziko kwenye faili mpya, ile ya zamani nimeifunga.

Sasheti_za_Goma

Mama, kwenye kuandika kwa roli: roli zangu hazilingani urefu. Nitumie njia ya bidoni au ya tofauti za siku?

Mama_Kipimo

Andika na idadi ya sasheti zilizotoka kwenye kila roli. Zikiwa chini ya elfu mbili au tatu kwa roli, anza na ya bidoni uone kama vikomo vinabana. Nikiona namba nitakuambia.